Kana na dada zake: pa kukagua khabari ya aya inapoonekana kukataa kanuni

Kanuni yenyewe mwanafunzi huishika kwa kikao kimoja. Jumla ya nomino ina mubtada na khabari, na zote mbili ni marfuu: Allaahu ghafuurun rahiimun. Kana, kitendo chenye maana ya "kuwa", ikiingia, mubtada hubaki na dhamma yake na kuitwa ismu ya kana, na khabari hugeuka kuwa mansubu. Ndivyo tunavyosoma katika Suratun Nisaa, aya ya 96: wa kaana llaahu ghafuuran rahiimaa. Dhamma iko juu ya jina la Mwenyezi Mungu, fataha iko juu ya khabari.

Taabu huanza anapofunga kitabu cha nahau na kufungua Msahafu. Anakuta kana mbele ya neno lenye kasra, au mbele ya maneno mawili yenye fataha, au kana isiyo na khabari kabisa. Anakuja mbio baada ya darasa: "Ustadh, mbona hapa kana haikufanya kazi?" Imefanya. Ila hakutazama mahali penyewe. Maswali haya ninayaletewa kila mwaka, tena karibu kwa mpangilio ule ule, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayojitokeza mara nyingi zaidi.

Aya nimeziandika kwa herufi zetu za Kiswahili. Herufi hizi hazitofautishi ha na ha, wala sini na sadi, basi Msahafu uwe wazi mbele yako unaposoma.

Kabla ya yote: ukaguzi wa dakika mbili

Hakikisha kwanza kwamba aya uliyo nayo ni sahihi. Nusu ya "makosa ya kana" ninayoonyeshwa yametoka kwenye ujumbe wa simu uliopita mikono kumi, irabu zimedondoka njiani au mtu amezichapa kwa kukisia. Linganisha na Msahafu uliochapwa, neno kwa neno.

Pili, usiamini sikio mahali pa kusimama. Msomaji akisimama mwisho wa aya, dhamma na kasra hazisikiki, na tanwini ya fataha husikika kama alifu ndefu. Rahiimaa unayoisikia imeandikwa rahiiman. Ukitaka kujua hali ya neno la mwisho, tazama maandishi.

Tatu, hakikisha ni kana kweli. Kuna kaana, kitendo chenye alifu ya kuvuta, na kuna ka'anna, yenye hamza na nuni ya shada, maana yake "kana kwamba". Hii ya pili ni dada wa inna, na kazi yake ni kinyume: ismu yake ndiyo mansubu. Katika Suratu Luqmaan, aya ya 7, tunasoma ka'anna fii udhunayhi waqraa, kana kwamba masikioni mwake mna uzito. Waqran hapo ni ismu ya ka'anna. Kiswahili chetu kimezifanya zisikike kama neno moja, kwa hiyo kosa hili halina aibu, lakini ukilikosa hapa utapoteza saa nzima mbele.

Dalili ya kwanza: khabari haina fataha

Sababu ya kwanza kwa wingi ni kwamba neno ni mansubu, ila alama yake si fataha. Fataha ni alama mojawapo tu. Wingi wa kiume wa kawaida huonyesha nasbu kwa yaa: in kuntum saadiqiin, mkiwa wakweli (al-Baqara, 23). Kama ingekuwa marfuu ungeona saadiquun. Neno la wawili nalo hutumia yaa, na mfano mzuri uko katika Suratul Kahf, aya ya 80: fa kaana abawaahu mu'minayni, wazazi wake wawili walikuwa waumini. Nasimama hapa kwa sababu aya hii ina pande zote mbili za mizani. Abawaahu ni ismu, na alifu yake ndiyo alama ya kuwa marfuu. Mu'minayni ni khabari, na yaa yake ndiyo alama ya kuwa mansubu. Hakuna dhamma wala fataha ya kutafuta, na kana imefanya kazi zote mbili.

Inayotisha zaidi ni kasra. Katika Suratut Talaaq, aya ya 6, wanawake walioachwa wanatajwa hivi: wa in kunna ulaati hamlin, na wakiwa na mimba. Ulaati ina kasra. Mwanafunzi huitafuta herufi ya jarri, ile inayotia kasra, hapo nyuma asiione. Haipo. Ulaati imeunganishwa na wingi wa kike wa alifu na taa, na wingi huo nasbu yake ni kwa kasra. Njia ya kuthibitisha ni kurudi aya mbili nyuma katika sura hiyo hiyo, aya ya 4: wa ulaatu l-ahmaali. Neno ni lile lile, lakini hapo ni mubtada, hakuna kana, nalo lina dhamma. Weka aya hizo mbili ubavu kwa ubavu utaona kana ilivyogeuza ulaatu kuwa ulaati. Huu ndio ushahidi ninaoupenda kuliko yote katika mlango huu, kwa sababu mabadiliko yamefanyika mahali ambapo jicho la mwanafunzi linakana.

Na kuna maneno yasiyobadilika kwa macho kabisa. Suratul Israa, aya ya 72: wa man kaana fii haadhihi a'maa fahuwa fil aakhirati a'maa. Aliyekuwa kipofu katika dunia hii, basi huko Akhera atakuwa kipofu. A'maa ya kwanza ni khabari ya kana, mansubu. A'maa ya pili ni khabari ya huwa, marfuu. Zimeandikwa sawa na kutamkwa sawa, kwa sababu alifu ya mwisho haipokei irabu. Dawa ni moja: weka badala yake neno linalopokea irabu, kwa mfano mariidh, mgonjwa. Ungesema kaana mariidhan, na huwa mariidhun. Bila shaka kubadilisha huku ni kwa daftari lako la mazoezi tu, si kwa kisomo.

Sababu ya pili ni kwamba khabari si neno moja. Inaweza kuwa jumla nzima ya kitendo, kama bimaa kaanuu yakdhibuun, kwa walivyokuwa wakisema uongo (al-Baqara, 10). Yakdhibuun ni kitendo pamoja na mtendaji wake. Nuni yake ya mwisho inabaki mahali pake, kwa kuwa kana haiondoi nuni ya kitendo. Jumla yote ndiyo inayohesabiwa kuwa iko mahali pa nasbu. Usijaribu kuibandika fataha. Uliza tu: nikiondoa yakdhibuun, maana ya kaanuu inakamilika? Haikamiliki, basi hiyo ndiyo khabari.

Sababu ya tatu ni baa ya ziada, na karibu daima utaikuta na laysa, dada wa kana anayekanusha. Alaysa llaahu bi ahkamil haakimiin (at-Tiin, 8). Ahkami ina kasra kwa sababu ya baa iliyoingia kutilia mkazo. Toa baa, na khabari inarudi kwenye sura yake: ahkama. Mafundi husema imekuwa majruru kwa matamshi, mansubu kwa mahali. Kumbuka baa hii. Tutaihitaji tena, kwa kuwa ndiyo inayofungua fundo kubwa kuliko yote ya mlango huu.

Sababu ya nne si ya kawaida sana lakini ina uzito: kana haina khabari kabisa. Hii huitwa kana taamma, iliyotimia, nayo ina maana ya kutokea au kupatikana. Inatosheka na mtendaji wake kama kitendo kingine chochote. Kila mtoto ameihifadhi: kun fayakuun. Kuwa, na kikawa. Kinakuwa nini? Hakuna "nini". Kimetokea, basi. Katika al-Baqara, aya ya 280, kuhusu mdaiwa aliyebanwa: wa in kaana dhuu usratin fanadhiratun ilaa maysarah. Dhuu ina wawu, ni marfuu, na baada yake hakuna neno la kuwa khabari. Maana ni "akipatikana mwenye dhiki, basi asubiriwe mpaka apate wasaa". Mwanafunzi anayelazimisha usratin iwe khabari anagonga ukuta, kwa sababu usratin ni majruru kwa kuegemezwa na dhuu.

Dada zake nao hufanya hivyo. Maa daama ina ismu na khabari katika Suratu Maryam, aya ya 31, Nabii Isa anaposema maa dumtu hayyaa, maadamu ni hai. Lakini katika Suratu Huud, aya ya 107, maa daamati s-samaawaatu wal ardhu, maana yake ni "maadamu mbingu na ardhi zimedumu". Hakuna khabari hapo na wala haitakiwi.

Jaribio la kutofautisha: weka "kupatikana", "kutokea" au "kudumu" mahali pa kitendo. Maana ikikaa sawa bila kuuliza "kuwa nini?", hiyo ni taamma. Ikibaki inaning'inia, endelea kutafuta khabari.

Dalili ya pili: fataha ipo, lakini iko juu ya neno la mwanzo

Hapa sababu moja inabeba karibu kila kitu: khabari imetangulia na ismu imecheleweshwa. Mfano wake tunausoma kila siku katika sala bila kuutazama: wa lam yakun lahu kufuwan ahad. Waulize wanafunzi kumi ismu ya yakun iko wapi, wengi watataja kufuwan kwa sababu limetangulia. Lakini kufuwan ina fataha. Ahad, neno la mwisho, ndilo ismu, na lina tanwini ya dhamma ambayo huisikii kwa sababu unasimama juu yake. Hakuna yeyote anayelingana Naye: "yeyote" ndiye anayezungumziwa, "kulingana" ndiko kunakokanushwa juu yake.

Katika Suratur Ruum, aya ya 47, hali ni hiyo hiyo: wa kaana haqqan alaynaa nasrul mu'miniin. Ondoa kana na urudishe jumla kwenye mpangilio wake wa kawaida: nasrul mu'miniina haqqun alaynaa, kuwanusuru waumini ni haki juu Yetu. Mara unaona nani ni mubtada. Jaribio hili la kuondoa kana na kupanga upya lisirukwe hata kidogo. Wanaokosea ni wale wanaohesabu nafasi: la kwanza ismu, la pili khabari. Kiarabu hakihesabu nafasi, kinasoma alama.

Sura nyingine ya dalili hii huja pale ismu inapokuwa si nomino ya wazi bali ni "an" pamoja na kitendo chake, kifungu kinachofasiriwa kama masdari. Suratun Naml, aya ya 56: fa maa kaana jawaaba qawmihi illaa an qaaluu. Halikuwa jibu la watu wake ila kusema kwao. Jawaaba ina fataha, ni khabari iliyotangulia. An qaaluu, "kusema kwao", ndiyo ismu. Kwa kuwa kifungu hicho hakivai irabu, jicho halikioni, na mwanafunzi hubaki na neno moja tu la kulikamata.

Basi sasa tuingie kwenye fundo nililoahidi. Fungua al-Baqara, aya ya 177: laysal birra an tuwalluu wujuuhakum qibalal mashriqi wal maghrib. Kisha fungua sura hiyo hiyo, aya ya 189: wa laysal birru bi an ta'tul buyuuta min dhuhuurihaa. Sura moja, laysa moja, neno moja. Kule birra kwa fataha, huku birru kwa dhamma.

Nilipokuwa kijana niliisoma aya ya 189 kwa fataha mbele ya maalimu wangu, ulimi ukifuata mazoea ya aya ya 177 niliyokuwa nimeihifadhi mapema. Hakunipigia kelele. Aliniambia nirudie, nikarudia vilevile, akaniuliza: "Baa imefanya kosa gani hata umeipuuza?" Sikumwelewa siku ile. Hivi ndivyo alivyomaanisha.

Katika aya ya 177 kuna vitu viwili vinavyoweza kuwa ismu ya laysa: al birr, wema, na an tuwalluu, kuelekeza kwenu nyuso. Vyote viwili ni maarifa, vinajulikana, na hakuna alama ya nje inayolazimisha kimoja kuwa khabari. Ukilifanya an tuwalluu kuwa ismu, al birra inakuwa khabari iliyotangulia na kupata fataha: "kuelekeza nyuso zenu mashariki na magharibi siko wema." Ukilifanya al birru kuwa ismu, maana inakuwa "wema si kuelekeza nyuso zenu." Nahau inaruhusu njia zote mbili. Kisomo cha Hafsi kutoka kwa Asimu, ambacho wengi wetu pwani tunasoma, kimepokewa kwa fataha.

Katika aya ya 189 mlango huo umefungwa, na kilichoufunga ni baa. Tuliona kwenye at-Tiin kwamba baa ya ziada inaingia kwenye khabari ya laysa. Hapa imeingia kwenye an ta'tu. Basi an ta'tu tayari imepigwa muhuri wa khabari, na kiti kilichobaki ni cha ismu peke yake. Al birru hana pa kwenda ila kuwa marfuu. Wasomaji wote wamekubaliana hapo, hakuna aliyesoma kwa fataha.

Ukikwama kwenye aya ya namna hii, usitazame neno lenye irabu kwanza. Tazama "an" na uulize kama ina baa. Ikiwa na baa, neno la wazi ni marfuu. Ikiwa haina, simama: yaweza kuwa hivi au vile, na kinachoamua ni mapokezi ya kisomo. Akili yako ya nahau haiamui hapo.

Dalili ya tatu: maneno mawili yana nasbu, dhamma haionekani popote

Mara nyingi kuna inna kabla ya kana. Suratun Nisaa, aya ya 106: inna llaaha kaana ghafuuran rahiimaa. Jina la Mwenyezi Mungu lina fataha, ghafuuran ina fataha. Mwanafunzi husema kana imepoteza ismu yake. Haikupotea, imejificha. Llaaha ni ismu ya inna. Ndani ya kaana kuna dhamiri iliyofichika, "huwa", hiyo ndiyo ismu ya kana. Ghafuuran ni khabari ya kana, na jumla yote ya kana ni khabari ya inna. Chora visanduku viwili, kimoja ndani ya kingine, na utata unaisha. Linganisha na aya ya 96 tuliyoanza nayo, isiyo na inna: pale jina lina dhamma. Aya hizi mbili zinakaribiana kiasi kwamba wahifadhi huzichanganya, na anayejua nani anamtawala nani hachanganyi.

Rahiiman yenyewe isikusumbue. Ni khabari ya pili, na wengine huihesabu sifa ya ghafuuran. Kwa vyovyote ni mansubu.

Sababu ya pili ni mtego wa mtendwa. Al-Baqara, aya ya 57: wa laakin kaanuu anfusahum yadhlimuun. Anfusahum ina fataha na imekaa mara baada ya kaanuu, hivyo karibu kila mtu huiita khabari. Kwa tafsiri hiyo aya ingesema "walikuwa nafsi zao", maneno yasiyo na kichwa. Khabari ni yadhlimuun. Anfusahum ni mtendwa wa yadhlimuun aliyetangulizwa: walikuwa wakizidhulumu nafsi zao, wala si mwingine yeyote. Ukitaka hakikisho, nenda al-A'raaf, aya ya 177, utakuta wa anfusahum kaanuu yadhlimuun. Hapo anfusahum imeruka hata mbele ya kana yenyewe, na hakuna atakayeiita khabari ya kawaida.

Ya tatu ni dhamiri ya kutenganisha. Al-Anfaal, aya ya 32: in kaana haadhaa huwal haqqa min indika. Mwanafunzi anaona huwa, anasema hii ni mubtada, basi al haqqu iwe na dhamma. Lakini Msahafu una fataha. Huwa hapa imekuja kutilia mkazo na kuonyesha kwamba linalofuata ni khabari, si sifa. Haina mahali pake katika uchambuzi. Haadhaa ni ismu, haipokei irabu kwa sababu haibadiliki, na al haqqa ni khabari ya kana moja kwa moja.

Dalili ya nne: ismu haionekani, au kana yenyewe haionekani

Hii ni nyepesi. Wawu ya kaanuu, taa ya kuntu, na nuni ya kunna ndizo ismu, zimeshikana na kitendo. Tahadhari moja tu: kunna kwa fataha fupi ni wao wanawake, na kunnaa kwa alifu ni sisi. Ile aya ya Talaaq ukiivuta unageuza wanawake wenye mimba kuwa sisi.

Na kana yenyewe hupungua herufi. Maryam anasema wa lam aku baghiyyaa (Suratu Maryam, 20). Aku ni akun, na akun ni akuunu: lam iliondoa dhamma ya mwisho, wawu ikadondoka kwa kukutana kwa sukuni mbili, kisha nuni ikaachwa kwa wepesi, jambo linaloruhusiwa kwa kana peke yake. Ismu ni "mimi" aliyefichika, baghiyyan ni khabari. Kila ukikuta aku, yaku, taku au naku, jua ni kana imevua nguo za nje.

Dalili ya tano: Misahafu miwili, irabu mbili

Hapa ndipo pa kuweka kalamu chini.

Mtu amerudi kutoka Khartum na Msahafu wa kisomo cha Duri, au kutoka Tripoli na wa kisomo cha Qaluni, akafungua al-Baqara 177 na kukuta laysal birru kwa dhamma. Hakuna kosa la chapa. Miongoni mwa visomo mashuhuri, ni Hamza na Hafsi waliosoma birra kwa fataha. Waliobaki wamesoma kwa dhamma, na tumeshaona kwamba nahau inabeba zote mbili. Hata Shu'ba, mpokezi mwenzake Hafsi kwa mwalimu yule yule Asimu, amesoma kwa dhamma.

Mfano mwingine unagusa biashara. Suratun Nisaa, aya ya 29, kwa kisomo chetu: illaa an takuuna tijaaratan an taraadhin minkum. Takuuna hapa ina khabari, na ismu yake imefichika: isipokuwa mali hizo ziwe ni biashara ya kuridhiana. Naafi, Ibn Kathiri, Abu Amri na Ibn Aamiri wamesoma tijaaratun, na mara takuuna inakuwa taamma: isipokuwa itokee biashara ya kuridhiana. Kutoka fataha hadi dhamma, kana imehama kutoka kundi moja kwenda jingine.

Ukifika hapo usisahihishe Msahafu wa mtu, usimkatize imamu aliyetoka nchi nyingine, na usichanganye irabu ya kisomo kimoja na cha pili ndani ya aya moja kwa sababu nahau inakubali. Kisomo hupokewa, hakitungwi. Mtafute mwalimu mwenye ijaza katika kisomo hicho na umsomee. Vilevile kama unachotaka kujua ni hukumu, mathalani mdaiwa gani hasa anaingia katika dhuu usratin, kana taamma inakupeleka mpaka mlangoni tu. Ndani muulize mtu wa fikihi.

Na kama uko katika sala na imamu amesoma wa laysal birra bi an, kwa fataha, katika aya ya 189, huyo amekosea kwa visomo vyote. Hapo mkumbushe, kwa kuisoma aya sawasawa nyuma yake.